Barua ya wazi kwa mama na walezi wa mabinti waliovunja ungo karibuni

Kwenu mama, shangazi, dada wakubwa na walezi wote mnaolea mabinti waliovunja ungo ndani ya miaka miwili au mitatu iliyopita,

Nawasalimu nyote. Nawaandikia nikiwa mkunga mstaafu na bibi mwenye wajukuu wa umri huo huo, na jambo linalonifanya nishike kalamu ni moja tu. Mara kwa mara naletewa binti wa miaka 12 au 13 ambaye mama yake amekwisha kuamua kwamba mtoto ana tatizo la kizazi, kwa sababu hedhi ilikuja mara moja, ikapotea karibu miezi miwili, ikarudi ikakaa siku tisa, kisha ikaja tena baada ya wiki tatu. Mama mwingine hupata hofu ya uvimbe, mwingine humshuku mtoto kuwa na mimba na kumhoji hadi machozi yakamtoka, na mwingine hutafuta mizizi ya kuchemsha ili hedhi ishuke. Kabla hamjafika huko, naomba niwaeleze kinachotokea ndani ya mwili wa binti katika miaka hiyo, kwani mlezi akikijua hicho ataweza kutofautisha hedhi inayoyumba kwa sababu ya umri na ile inayohitaji daktari.

Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba damu ya kwanza ni ishara kuwa yai limetoka, na kwamba tangu siku hiyo mwili wa msichana hufanya kazi kama wa mama yake. Mara nyingi sivyo. Damu huonekana pale utando wa ndani wa mfuko wa uzazi unapobomoka, na utando huo unaweza kunenepa na kubomoka bila yai lolote kutoka. Katika mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo, sehemu kubwa ya hedhi ambazo binti anazipata ni za namna hiyo, yaani ni damu isiyotanguliwa na kutoka kwa yai. Hapo ndipo ulipo mzizi wa kuyumba kote.

Ili jambo hili lieleweke, hebu kwanza tuangalie mwanamke aliyekomaa. Katika ubongo wake, chini kabisa, kuna sehemu iitwayo hipothalamasi, ambayo hutuma ishara kwa tezi ndogo iitwayo pituitari, nayo pituitari hutuma homoni zake kupitia damu hadi kwenye ovari. Homoni hizo hukuza vijifuko vidogo vyenye mayai, na vijifuko hivyo vinapokua hutengeneza homoni nyingine, estrojeni. Estrojeni ina kazi mbili kwa wakati mmoja: hunenepesha utando wa mfuko wa uzazi, na pia hupeleka habari kwenye ubongo kwamba kijifuko kinakua. Kwa siku nyingi za mwezi, ubongo ukipokea habari hiyo hupunguza homoni zake, ili vijifuko visichochewe kupita kiasi. Lakini estrojeni ikipanda sana na kubaki juu kwa muda wa siku mbili hivi, ubongo wa mwanamke aliyekomaa hubadili msimamo wake kabisa. Badala ya kupunguza, pituitari humwaga kwa ghafla kiasi kikubwa cha homoni ya kupevusha yai, na baada ya saa zipatazo 36 kijifuko hupasuka na yai likatoka.

Mabadiliko hayo ya ghafla ndiyo yanayochelewa kukomaa kwa msichana. Uwezo wa ubongo kujizuia pale estrojeni inapopanda upo tangu utotoni, lakini ule wa kugeuka na kumwaga homoni kwa wingi huja mwishoni kabisa mwa safari ya kubalehe, mara nyingi baada ya damu ya kwanza kuonekana, na hauji wote kwa siku moja. Mwezi mmoja huitikia, miezi miwili inayofuata haitikii, kisha huitikia kwa kuchelewa. Ovari za binti ni nzima, mfuko wake wa uzazi ni mzima, na mayai yapo tangu alipozaliwa. Kinachokosekana ni mapatano kati ya ubongo na ovari.

Sasa tazameni tofauti inayotokea kwenye damu. Yai likitoka, kijifuko kilichopasuka hugeuka kuwa tezi ndogo ya rangi ya manjano, inayotengeneza homoni ya pili, projesteroni. Homoni hii huuzuia utando usiendelee kunenepa, huuimarisha na kuuandaa. Tezi hiyo haidumu. Mimba isipoingia, hunyauka baada ya siku zipatazo 14, projesteroni hushuka, na utando wote hubomoka kwa pamoja. Kwa sababu umebomoka kwa pamoja na mishipa yake hujikaza wakati mmoja, damu hutoka kwa siku chache ikakata. Ndiyo maana mwanamke ambaye yai lake hutoka kila mwezi huwa na hedhi inayoweza kutabirika, kwani nusu ya pili ya mzunguko wake ina urefu usiobadilika sana.

Yai lisipotoka, tezi ile ya manjano haipo, na projesteroni haipo. Utando hubaki chini ya estrojeni peke yake, ukinenepa wiki baada ya wiki, kama matofali yanayopangwa kwenda juu bila udongo wa kuyashikanisha. Hapo mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza ni kwamba kijifuko kilichokuwa kikikua kinakufa mapema, estrojeni inashuka, na utando mwembamba unatoka baada ya wiki tatu au hata pungufu ya hapo. La pili ni kwamba vijifuko vinapokezana, estrojeni inaendelea kuwapo kwa wiki nyingi, na utando unazidi kunenepa hadi unashindwa kujibeba, ndipo unapoanza kumeguka kipande kipande. Leo upande huu, keshokutwa upande ule, na damu inaendelea siku nane au kumi, pengine nyingi yenye mabonge, pengine matone tu. Pengo refu likifuatwa na damu nyingi, msidhani kwamba damu "ilikusanyika" tumboni ikisubiri kutoka. Hakuna damu chafu iliyohifadhiwa mahali. Kilichokusanyika ni utando, nao ulinenepa kwa sababu haukupata projesteroni ya kuuzuia.

Kuna alama moja ambayo mama wengi huisoma kinyume. Binti ambaye hedhi zake za mwanzo hazikuwa na maumivu, akianza kuumwa tumbo la chini siku ya kwanza ya hedhi baada ya mwaka mmoja au miwili, mama hushtuka na kusema ugonjwa umeingia. Kwa kawaida maumivu hayo huanza pale mayai yanapoanza kutoka. Projesteroni inaposhuka, utando hutoa kwa wingi kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huufanya mfuko wa uzazi kujikaza, na kujikaza huko ndiko kunakouma. Damu isiyotanguliwa na yai mara nyingi huja bila kuuma na bila onyo la matiti kujaa. Kwa hiyo tumbo linalouma kwa siku moja au mbili na kutulia ni dalili kwamba mfumo unaelekea kukomaa, ingawa si haki kumwacha mtoto ateseke. Mpeni joto la maji tumboni na dawa ya maumivu anayoruhusiwa kutumia. Maumivu yanayomzuia kwenda shule kila mwezi hata baada ya dawa ni habari nyingine, na hayo yaonekane na daktari.

Nitawaeleza kwa daftari la binti mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi. Alivunja ungo tarehe 10 Machi, na mama yake alikuwa makini akaandika kila tarehe ambayo damu ilianza: 2 Mei, 24 Mei, 1 Agosti, 6 Septemba, 8 Oktoba na 12 Novemba. Alipokuja kwangu alikuwa na wasiwasi kwamba mtoto anaingia mwezini mara mbili katika mwezi mmoja, kisha anakaa karibu robo ya mwaka bila kitu.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kuhesabu upya, kwa sababu mama alikuwa akihesabu kutoka siku damu ilipokata. Mzunguko huhesabiwa kutoka siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata. Anayeanza kuhesabu damu ilipokata hupata namba fupi kuliko ukweli, na pale ambapo hedhi ilidumu siku nane au tisa, makosa huwa makubwa. Tulipohesabu sawasawa tulipata siku 53, kisha 22, kisha 69, kisha 36, kisha 32, kisha 35. Hizo mbili za Mei, zilizomtisha mama kuwa ni mara mbili kwa mwezi mmoja, zilipishana kwa siku 22, na kiasi hicho kimo ndani ya kawaida.

Ya pili ilikuwa kuangalia namna damu yenyewe ilivyotoka. Hedhi ya tarehe 24 Mei ilikuwa kidogo na ilikwisha ndani ya siku tatu, jambo linalolingana na kijifuko kilichokufa mapema kabla utando haujanenepa. Ile ya tarehe 1 Agosti, baada ya siku 69, ilikaa siku nane, ikawa nzito kwa siku tatu za katikati, wala binti hakuumwa popote. Hiyo inalingana na utando ulionenepa kwa muda mrefu bila projesteroni. Kisha tarehe 8 Oktoba binti aliamka akiwa ameshika tumbo, matiti yalikuwa yamejaa siku chache kabla, na damu ilikata siku ya tano. Nikamwambia mama yake arudi nyuma siku 14 kutoka hapo, naye akafika tarehe 24 Septemba. Kama yai lilitoka, lilitoka karibu na siku hiyo, yaani siku 18 baada ya damu ya Septemba kuanza. Tarehe peke yake haziwezi kuthibitisha kwamba yai limetoka, na mzunguko unaofuata unaweza kuyumba tena. Lakini mkiutazama mfululizo wote, mtaona mapengo yakikaribiana: kutoka 53, 22 na 69 hadi 36, 32 na 35.

Mkitaka mipaka ya kushika, shikeni hii. Katika mwaka wa kwanza kuyumba ni jambo la kutarajiwa. Kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa tatu baada ya kuvunja ungo, mizunguko mingi inapaswa kuwa kati ya siku 21 na 45. Miaka mitatu ikishapita, inapaswa kuwa kati ya siku 21 na 35. Muda wote huo, damu ya kawaida haizidi siku saba. Pengo la zaidi ya siku 90, hata likitokea mara moja tu, lapasa kuulizwa kwa daktari. Waliovunja ungo wakiwa wamechelewa kuliko wenzao mara nyingi huhitaji muda mrefu zaidi kabla yai halijaanza kutoka kila mwezi, kwa hiyo msimlinganishe binti aliyeanza na miaka 14 na dada yake aliyeanza na miaka 11.

Linalonisumbua zaidi kuliko mapengo ni wingi wa damu, kwa sababu mama wengi wakishasikia kwamba kuyumba ni kawaida, huacha kuangalia kiasi. Binti anayebadilisha pedi tatu hadi sita kwa siku yuko ndani ya kawaida. Binti ambaye pedi inalowa kabisa ndani ya saa moja au mbili, na inaendelea hivyo kwa saa kadhaa, au anayetoa mabonge yenye upana unaozidi sentimita 2.5, au anayelowesha shuka usiku baada ya usiku, asisubiri mfumo ukomae. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hasa akiwa na kizunguzungu, kupumua kwa shida au moyo kwenda mbio. Damu ikipotea hivyo mwezi baada ya mwezi, madini ya chuma mwilini huisha, na upungufu wa damu hujitokeza kwa uchovu na kushindwa kufuatilia masomo, mambo ambayo walezi huyaita uvivu. Na pale hedhi inapokuwa nzito tangu ile ya kwanza kabisa, mwelezeni daktari kama binti hutokwa damu puani mara kwa mara, kama huvia damu ngozini bila kugongwa, au kama alivuja damu muda mrefu baada ya kung'olewa jino. Baadhi ya wasichana hao wana ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda vizuri, kama ule wa von Willebrand, na hedhi ndiyo inayouweka wazi kwa mara ya kwanza.

Zipo pia hedhi zinazoyumba au kukoma kwa sababu nyingine kabisa, na umri huzificha. Binti aliyepungua uzito sana, anayejinyima chakula, au anayefanya mazoezi makali ya mashindano, anaweza kupoteza hedhi kwa sababu ubongo hupunguza ishara zake mwili unapokosa nguvu ya kutosha. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi au pungufu, hedhi huvurugika. Binti anayeota nywele ngumu kidevuni na kifuani, mwenye chunusi nyingi zisizosikia dawa, na ambaye hedhi zake bado zinapishana kwa zaidi ya siku 45 baada ya mwaka wa kwanza, apimwe homoni. Lakini nawasihi msikimbilie picha ya ultrasaundi ili kutafuta kama ana ovari zenye vijifuko vingi. Ovari za msichana wa umri huu huwa na vijifuko vingi kwa kawaida yake, na miongozo ya kitaalamu inashauri picha hiyo isitumiwe kutambua ugonjwa huo hadi ipite miaka minane tangu kuvunja ungo. Nimeona watoto wazima wakirudi nyumbani wameambiwa watakuwa wagumba kwa sababu ya picha iliyoonyesha hali ya kawaida ya umri wao, na maneno hayo hayafutiki kirahisi.

Kuhusu dawa, kwa binti ambaye damu yake si nyingi na mapengo yake yamo ndani ya mipaka niliyoitaja, hakuna cha kutibu. Mizizi ya kushusha hedhi haimfundishi ubongo kuitikia estrojeni, na baadhi yake huumiza ini na figo. Daktari akimpa binti vidonge vyenye homoni ili kukata damu nyingi, tiba hiyo ni sahihi wala msiiogope, kwa kuwa mara nyingi vinampa ile projesteroni ambayo mwili wake haujaanza kuitengeneza kila mwezi. Jueni tu kwamba damu inayokuja kwa tarehe kamili wakati anatumia vidonge inaletwa na vidonge, na haisemi chochote kuhusu ukomavu wa mfumo wake.

La mwisho ni kuhusu mimba, kwa pande zake mbili. Binti ambaye hajalala na mwanamume na hedhi yake imechelewa siku 50 hana sababu ya kutuhumiwa. Mmekwisha kuona kwa nini inachelewa. Lakini yule aliyelala na mwanamume, au aliyelazimishwa, asihesabiwe kuwa salama ati kwa sababu hedhi yake bado haijakaa sawa. Yai la kwanza linaweza kutoka wakati wowote, hata kabla ya damu ya kwanza, na katika miaka hii hakuna siku ya mzunguko inayoweza kuitwa salama. Kwake yeye kipimo cha mimba kifanywe mapema na kwa upole, kisha ndipo yafuate maswali mengine. Na ili ajue kuwaambia ukweli siku hiyo, mpeni daftari na kalamu tangu sasa, aandike mwenyewe siku damu ilipoanza, siku ilipokata, pedi alizotumia na kama tumbo liliuma. Miezi sita ya maandishi hayo humsaidia daktari kuliko kumbukumbu zenu zote.

Ni mimi bibi yenu,
Mkunga mstaafu